Shajara ya mradi: kuhamisha usomaji wa mita 412, wiki yangu ya kwanza kama mwanagenzi

Naandika shajara hii ili mwanagenzi atakayekaa kwenye kiti hiki baada yangu, au mtu yeyote atakayepewa kazi kama hii, aone njia niliyopita. Kazi yenyewe ni ya maneno machache: kuchukua usomaji wa mita za maji wa mwaka 2025 kutoka mfumo wa zamani, kuusafisha, kisha kuuingiza kwenye mfumo mpya kabla ya Ijumaa jioni. Gharama naandika kwa saa za watu, maana ndizo zilizotumika.

Jumatatu, 2 Februari 2026

Nimepokelewa, nimeoneshwa meza, nimepewa nywila, na kabla ya saa 4 asubuhi nikawa na faili. Linaitwa `usomaji_2025.csv`, lina mistari 4,913, na liko kwenye folda ya pamoja ambayo ofisi nzima huifungua. Kila mstari una vitu vitatu: namba ya mita, tarehe ya kusomwa, na idadi ya mita za ujazo iliyoonekana kwenye uso wa mita siku hiyo. Mfumo mpya unadai tarehe ziandikwe mwaka kwanza, yaani `2025-02-04`. Mfumo wa zamani uliziandika siku kwanza, `04/02/2025`.

Nilibofya faili mara mbili, likafunguka kwenye Ekseli. Jambo la kwanza kuona ni kwamba namba za mita zimepoteza sifuri za mbele: 00034517 ilisomeka 34517. Nikamwuliza Mzee wa kumbukumbu, ambaye ndiye msimamizi wangu, namba za mita zina tarakimu ngapi. Akajibu bila kuinua macho, "Nane, zote." Nikazirudisha kwa `=TEXT(A2,"00000000")` na likaisha hilo.

La pili lilikuwa kwenye safu ya tarehe. Baadhi zilikuwa zimeegemea kushoto mwa seli na nyingine kulia. Nikaona ni mpangilio tu uliovurugika, nikaichagua safu nzima na kuiweka katikati ili ipendeze.

Kisha nikabadilisha muundo wa safu uwe mwaka kwanza. Tarehe 2,310 zilibadilika papo hapo. Nyingine 2,603 ziligoma, zikabaki kama `13/01/2025`. Kwa hizo zilizogoma niliandika fomula:

```
=DATE(RIGHT(B2,4),MID(B2,4,2),LEFT(B2,2))
```

Zikakubali. Kabla ya kuhifadhi nilitaka kujiridhisha kwamba kompyuta inaelewa siku na mwezi kama sisi, hivyo nikaandika tarehe ya leo kwenye seli tupu, `02/02/2026`. Ikasomeka 2 Februari. Nikahifadhi faili kwa jina lilelile, mahali palepale. Muda: saa 3. Nimeondoka ofisini nikiwa na furaha.

Jumanne, 3 Februari 2026

Maandishi ya jana nimeyaacha yalivyo, kwa sababu kosa lote limo humo na kila hatua yake inaonekana.

Mchana, kama saa 8, dada wa malipo aliniita kwenye meza yake. Alikuwa amefungua faili langu na kuandaa rasimu za ankara. "Mdogo wangu, mita hii inarudi nyuma. Mita ya maji hairudi nyuma." Akanionesha mita 00034517. Usomaji wake wa Mei ulikuwa 1,233 na wa Juni ukawa 1,204, kama vile wenye nyumba wamerudisha mita za ujazo 29 kwenye bomba.

Nilijua palepale kwamba mimi ndiye niliyeligusa faili. Sikusema. Nilimwambia nitaangalia, nikarudi mezani, nikakaa saa 2 nikijaribu kulirekebisha peke yangu. Nilijaribu kutengua hatua za nyuma, lakini faili lilishafungwa jana na historia yake ilikwenda nalo. Nilitafuta nakala ya akiba. Ofisi huhifadhi nakala kila usiku, ila faili lilifika Jumatatu asubuhi: nakala ya Jumapili haina faili hili kabisa, na nakala ya Jumatatu usiku imebeba lile nililokwisha kulibadilisha. Nikafikiria kulitoa upya kwenye mfumo wa zamani. Ulizimwa Ijumaa iliyopita.

Wakati wote huo dada aliendelea na kazi yake. Nilipokuja kusema ukweli alikuwa na rasimu 26 za ankara, zote za kuchanwa. Hizo naziandika kwenye hesabu yangu, kwa kuwa nyingi ziliandikwa baada ya saa 8, wakati mimi najua na yeye hajui.

Saa 10 jioni nilimwandikia Mzee: "Mzee, faili la mita lina shida, naomba msaada." Jibu lilikuja kwa maneno manne: "Shida gani? Mstari gani?" Nililisoma nikaona kwamba sijamwuliza kitu. Nilikuwa nimemkabidhi wasiwasi wangu tu. Nikafuta, nikaandika upya:

"Mzee, jana nilibadilisha tarehe kwenye `usomaji_2025.csv` na kuhifadhi juu ya faili la asili. Sina nakala. Leo mita 00034517 inaonekana hivi: tarehe 2 Aprili 1,219, tarehe 3 Mei 1,233, tarehe 1 Juni 1,204, tarehe 4 Julai 1,250. Ya Juni ni ndogo kuliko ya Mei. Namba za usomaji sikuzigusa, niligusa tarehe peke yake. Dada wa malipo anatumia faili hili sasa hivi."

Nilitegemea hasira. Alikuja kwa miguu akiwa na karatasi ya msoma mita mkononi, akaiweka mbele yangu. Kwanza alimgeukia dada: "Simamisha ankara, mama." Halafu akanielekeza kidole kwenye mstari wa pili wa karatasi: "04/02. Wewe umeisoma ni lini?"

Nikasema 4 Februari.

"Na faili lako linasema lini?"

Faili lilisema 2 Aprili.

Sasa naeleza kilichotokea, taratibu, kwa sababu nilihitaji kukichora kwenye karatasi ndipo nikaelewa. Kompyuta niliyopewa imewekwa kusoma mwezi kwanza. Ekseli ikikutana na `04/02/2025` inaona mwezi wa 4, siku ya 2, inaridhika, na kuigeuza kuwa tarehe kamili bila kumwambia mtu. Ikikutana na `13/01/2025` inatafuta mwezi wa 13, haupati, na kuiacha kama maandishi ya kawaida. Tarehe kamili ni namba, na namba huegemea kulia. Maandishi huegemea kushoto. Kwa hiyo ule mpangilio niliouona umevurugika ndiyo ilikuwa dalili pekee: zilizo kushoto zilikuwa salama, zilizo kulia zilikuwa zimekwisha kugeuzwa. Nilipoziweka zote katikati niliifuta dalili kwa mkono wangu. Kisha nikatumia saa nzima kuzirekebisha zile 2,603 zilizokuwa nzima, na kuziacha 2,310 zilizoharibika kwa kuwa zilionekana zimetii.

Na lile jaribio langu la tarehe ya leo? 02/02 ni 2 Februari ukianza na siku au ukianza na mwezi. Ningefanya kazi hii leo, 03/02, jaribio lilelile lingenipa Machi na ningesimama.

Nilihesabu baadaye ukubwa wa mtego huu. Katika mwaka wenye siku 365, siku 221 zina tarehe kubwa kuliko 12, hizo hubaki maandishi na utaziona. Siku 144 zinazobaki hugeuzwa kimya. Kati yake 12 hazidhuriki, kwa kuwa siku na mwezi vinalingana: 01/01, 02/02, mpaka 12/12. Zinabaki 132, yaani zaidi kidogo ya theluthi ya mwaka, ambazo huwa tarehe nyingine yenye sura nzuri kabisa.

Mzee aliongeza jambo ambalo lilinipunguzia uzito kifuani. Wanasayansi wa jeni walisumbuliwa na tabia hiihii ya Ekseli kwa miaka mingi, kwa kuwa jeni iliyoitwa SEPT1 iligeuka kuwa tarehe 1 Septemba kila ilipoandikwa. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo ambao ndani yake jeni za namna hiyo zimebadilishwa majina: SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1. Ilikuwa rahisi zaidi kubadili jina la jeni kuliko kuwalinda watu wote na programu moja.

Leo: saa 2 zangu zilizopotea kwa kunyamaza, rasimu 26, na nusu saa ya Mzee.

Jumatano, 4 Februari 2026

Asubuhi nilianza na jambo ambalo ningelifanya Jumatatu. Nimelinakili faili lilivyo, na uharibifu wake, nikaliita `usomaji_2025_limeharibika.csv` na kulifungia lisiandikike. Kazi yote inafanyika kwenye nakala.

Swali la leo lilikuwa moja: tarehe iliyogeuzwa inaweza kutambulika? Nilidhani haiwezekani. Ukiona `2025-04-02` pekee yake, hakuna kitu ndani yake kinachokuambia kama ni 2 Aprili ya kweli au 4 Februari iliyogeuzwa. Nikamwendea Mzee, safari hii nikiwa nimeandika kwanza ninachokijua: zilizobaki maandishi zote zilikuwa na siku kubwa kuliko 12, na nilizirekebisha sawasawa. Sikumaliza hata kusema. Nilipokuwa nikiisoma sentensi hiyo kwa sauti niliona jibu lenyewe, naye akaona nimeliona, akacheka, akarudi kwenye karatasi zake.

Jibu ni hili. Katika faili langu, tarehe yoyote yenye siku 13 au zaidi imetoka kwenye kundi la maandishi, kwa hiyo ni sahihi. Tarehe yoyote yenye siku 12 au pungufu lazima imetoka kwenye kundi lililogeuzwa, kwa kuwa kinachoonekana kama siku kilikuwa mwezi, na mwezi hauzidi 12. Hakuna mchanganyiko. Kwa hiyo kanuni moja inatosha: siku ikiwa 12 au pungufu, badilishana siku na mwezi.

```
=IF(DAY(B2)<=12,DATE(YEAR(B2),DAY(B2),MONTH(B2)),B2)
```

Kabla ya kuitumia tulikubaliana vipimo viwili, ili nisirudie kuamini macho yangu. Kipimo cha kwanza ni mita yenyewe. Mistari inapangwa kwa namba ya mita kisha kwa tarehe, na usomaji wa mita ileile usishuke:

```
=AND(A3=A2,C3<C2)
```

Kwenye faili lililoharibika, mita 297 kati ya 412 zilishuka angalau mara moja.

Nilitaka kuishia hapo. Mzee akaniuliza mita ya kituo cha pampu imekaaje, na mita hiyo haikuwa miongoni mwa zile 297. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kipimo kizuri kina upofu wake. Mita ya pampu husomwa tarehe 4 ya kila mwezi bila kukosa. Ikigeuzwa, 04/01 huwa 1 Aprili, 04/02 huwa 2 Aprili, 04/03 huwa 3 Aprili, mpaka 04/12 ambayo huwa 12 Aprili. Mwaka mzima umejikunja kuwa siku 12 zinazofuatana ndani ya Aprili, lakini utaratibu haukuvurugika: usomaji unapanda tu. Kipimo cha kushuka kingeipitisha. Mita 00034517 ilikamatwa kwa sababu msoma mita aliifikia tarehe 6, kisha 4, kisha 5, kisha 7.

Ndipo tukaongeza kipimo cha pili, kuhesabu mistari ya kila mwezi. Kila mita husomwa mara moja kwa mwezi, kwa hiyo kila mwezi lazima uwe na mistari 412, isizidi wala isipungue. Faili lililoharibika lilikuwa na mistari 278 Januari na 535 Aprili. Laiti ningeihesabu Jumatatu, hesabu hiyo ya dakika 3 ingenionesha kosa kabla ya mtu mwingine kulitumia.

Nikaweka kanuni, nikahesabu tena. Januari 412. Februari 412. Nilikuwa nikiita namba kwa sauti, dada wa malipo anasikiliza. Julai 412. Agosti 419.

Nikanyamaza. Septemba 420. Oktoba 416. Novemba 412. Desemba 393.

Nilitumia muda uliobaki wa siku nikitafuta kosa ndani ya fomula, na fomula haina kosa. Muda: saa 5 zangu, nusu saa ya Mzee.

Alhamisi, 5 Februari 2026

Nimekuja mapema na karatasi. Agosti imezidi 7, Septemba imezidi 8, Oktoba imezidi 4. Jumla 19. Desemba imepungua 19. Kwa hiyo mistari haikupotea, imehama kutoka Desemba kwenda miezi hiyo mitatu. Nikaitazama ile iliyozidi: yote ilikuwa na siku ya 12. Tarehe 12 Agosti, 12 Septemba, 12 Oktoba. Ukibadilishana tena siku na mwezi unapata 8, 9 na 10 Desemba.

Maana yake ni kwamba mistari 19 ilikuwa sahihi tayari, na kanuni yangu imeiharibu. Lakini jana nilithibitisha kwamba haiwezekani mstari wenye siku 12 au pungufu kuwa sahihi kwenye faili langu, labda siku na mwezi vilingane. Basi mistari hiyo haikuwa kwenye faili langu.

Nikakumbuka namba ambayo nilikuwa nimeipita bila kuiangalia. Faili la Jumatatu lilikuwa na mistari 4,913. La jana lina 4,944. Hesabu ya 412 mara 12 ni 4,944, kwa hiyo idadi mpya ilionekana nzuri na sikushtuka. Nikamwendea dada wa malipo.

"Dada, Jumanne kabla hujaniita, uliandika chochote ndani ya faili la mita? Kuna mistari 31 ambayo haikuwepo Jumatatu."

"Ndiyo, asubuhi, saa 2. Karatasi za Desemba za njia moja zilichelewa. Zilikuwa hazimo kwenye mfumo wa zamani, nikaziandika mwenyewe. Kumbe hukujua?"

Sikujua kwa kuwa sikuuliza, naye hakusema kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba faili lina tatizo la tarehe. Aliziandika zikiwa sahihi, mwaka kwanza, kama mfumo mpya unavyotaka. Kisha akalipanga faili lote kwa namba ya mita, hivyo mistari yake haikuwa chini pamoja bali imetawanyika katikati ya mingine.

Jambo la kushukuru ni kwamba dada hatupi karatasi. Alifungua trei yake, akatoa karatasi 31 zilizobanwa pamoja kwa pini. Kumi na mbili zilikuwa za tarehe 15 na 16 Desemba, hizo kanuni haizigusi. Kumi na tisa zilikuwa za tarehe 8, 9 na 10.

Marekebisho yalikuwa haya. Niliongeza safu ya nne niliyoiita `asili`. Tukakaa wawili, yeye anasoma namba ya mita kutoka kwenye karatasi, mimi naitafuta na kuandika K, yaani imeandikwa kwa mkono. Mistari 31, dakika 40, pamoja na kusumbuka na sifuri za mbele, maana dada alipolifungua faili la CSV kwa kubofya na kulihifadhi, zilipotea upya kwenye mistari yote. Kisha nikairudia kazi kutoka kwenye faili lililofungiwa, sikuendelea na lile la jana:

```
=IF(AND(D2<>"K",DAY(B2)<=12),DATE(YEAR(B2),DAY(B2),MONTH(B2)),B2)
```

Miezi yote kumi na miwili, 412.

Kipimo cha kushuka kikabakiza mita 3. Nilitaka sana ziwe sifuri, na nakiri nilijaribiwa kuzinyoosha. Nikazipeleka kwa Mzee pamoja na karatasi zake. Ya kwanza haina kosa: uso wa mita hiyo una tarakimu 5, ulifika 99,998, ukazunguka na kuanza upya, ukasomwa 00,011. Mita hiyo ilipanda mita za ujazo 13. Mbili zilizobaki zimekosewa kwenye karatasi zenyewe. Moja imeandikwa 0817 mahali ambapo miezi ya kabla na baada inaonesha ingekuwa 0871. Nikauliza kama niibadilishe. Mzee akasema hapana, sisi tunahamisha kilichoandikwa. Aliyeisoma mita ndiye atakayesema alichokiona. Nimeziandika kwenye orodha ya pembeni.

Mchana tulichukua mistari 60 bila kuchagua na kuilinganisha na karatasi. Yote 60 ililingana. Nimefurahi, ila naweka tahadhari kwa atakayeiga: sampuli hii peke yake isingeikamata ile mistari 19. Ukichota 60 kutoka 4,944, uwezekano wa kutogusa hata mmoja kati ya hiyo 19 ni kama mara 4 kwa kila 5. Kilichoikamata ni hesabu ya miezi.

Muda: saa 4 zangu, saa 3 za dada kwa jumla ya wiki ukiweka na rasimu zilizochanwa, nusu saa ya Mzee.

Ijumaa, 6 Februari 2026

Faili limeingia kwenye mfumo mpya saa 5 asubuhi. Mistari 4,944 imepokelewa, hakuna iliyokataliwa. Dada ametoa ankara za majaribio 10, pamoja na ya mita 00034517, ambayo sasa inasoma 1,204 tarehe 6 Januari, 1,219 tarehe 4 Februari, 1,233 tarehe 5 Machi na 1,250 tarehe 7 Aprili.

Mchana nimeandika utaratibu wa ofisi na kuujaribu kwa faili dogo nililolitunga mwenyewe la mistari 20. Kuanzia kulipokea mpaka kulikagua ilinichukua dakika 40. Marekebisho ya wiki hii yamekula saa 11 zangu, 3 za dada na 1 na nusu ya Mzee.

Utaratibu wenyewe unaanza na nakala ya faili la asili iliyofungiwa isiandikike, kabla ya mtu kulifungua. Faili la CSV halibofywi. Linaingizwa kupitia `Data`, kisha `From Text/CSV`, na kwenye `Data Type Detection` unachagua `Do not detect data types`, ili kila kitu kiingie kama maandishi: sifuri za mbele zinabaki, na tarehe zote zinaegemea kushoto. Ukiona hata moja imeenda kulia, simama. Tarehe unazigeuza zote kwa fomula moja, ileile ya `DATE` niliyoitumia Jumatatu kwa nusu tu ya faili. Unajaribu kwa tarehe mbili, moja yenye siku kubwa kuliko 12 na nyingine ndogo ambayo siku na mwezi havilingani, kwa mfano 25/11 na 04/02. Idadi ya mistari inaandikwa wakati wa kupokea na wakati wa kukabidhi, na ikibadilika hata kwa mmoja unamtafuta mtu aliyeubadilisha kabla ya kuendelea.

Mzee ameusoma, akaongeza sentensi moja kwa kalamu: faili likigundulika lina kasoro, wote wanaolitumia waambiwe kwanza, kisha ndipo litengenezwe. Nimeichapa kama alivyoiandika na kuiweka juu kabisa.

Zimebaki zile mita mbili za karatasi. Nimemwuliza dada ni nani aliyesoma njia hiyo mwezi huo, nikampa namba za mita, miezi, kilichoandikwa na kilichotegemewa. Amesema msoma mita huyo anafika Jumatatu saa 2, nimsubiri hapahapa na karatasi zake.